Kisanduku Chini ya Dashibodi: Bima ya Gari ya Kijana Uingereza Inavyopangwa

Kijana wa Uingereza akifaulu mtihani wa udereva akiwa na miaka 17 au 18, mshtuko wake wa kwanza anaupata kwenye bei ya bima. Amejibana, amenunua gari dogo lililotumika kwa pauni 1,800, halafu anaambiwa bima ya mwaka wa kwanza ni pauni 2,000 na ushee. Wazazi waliokulia Dar es Salaam au Mombasa hudhani mtoto wao kaibiwa. Nyumbani wamezoea kwamba bima ndogo ina bei yake inayojulikana, na bima kubwa ni asilimia ya thamani ya gari. Umri wa dereva huja kuonekana baadaye, kwenye kiasi anachotakiwa kubeba mwenyewe akipata ajali. Huku bei inamfuata dereva kuliko gari, na kijana ndiye dereva wa bei ghali kuliko wote.

Nimefanya kazi ya uwakala wa bima za magari huku kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi na familia zetu ni hili: tumkubalie mtoto afungiwe kile kisanduku? Wanazungumzia bima ya telematiki, ambayo kampuni inafunga kifaa ndani ya gari, au programu kwenye simu ya dereva, ili ione gari linavyoendeshwa. Jibu langu kwa wengi ni ndiyo, lakini kwa sababu tofauti na ile inayotangazwa. Tangazo husema ukiendesha vizuri utalipa kidogo. Nilichokiona mimi ni kwamba sehemu kubwa ya punguzo hutolewa siku ya kukata bima, kabla kijana hajaendesha hata maili moja. Taarifa zinazokusanywa baada ya hapo zinafanya kazi nyingine, na hiyo ndiyo familia nyingi hazielezwi.

Bila kisanduku, kampuni haimjui kijana mwenyewe. Inachojua ni umri wake, mtaa anaolaza gari, kazi yake, leseni ina muda gani, na gari liko kundi la ngapi kati ya yale makundi 50 ya bima yaliyozoeleka Uingereza. Zamani ilitazama pia kama ni mvulana au msichana, na wasichana walilipa pungufu kwa sababu wavulana wa umri ule ndio waliokuwa na ajali kubwa nyingi zaidi. Tarehe 1 Machi 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba jinsia isitumike kupanga bei, na uamuzi ukaanza kufanya kazi tarehe 21 Desemba 2012. Kampuni zikawa zimepoteza kipimo kimoja kikubwa, na kisanduku kikawapa kingine: badala ya kukisia kutokana na jinsia, wakaanza kuangalia mwendo wenyewe. Teknolojia ilikuwapo tangu zamani. Norwich Union, ambayo leo ni Aviva, iliuza bima ya kulipa kadiri unavyoendesha mwaka 2006 na kuiacha mwaka 2008, kwa sababu wateja walikuwa wachache mno. Baada ya 2012 soko la vijana lilikuwa tayari.

Chenyewe ni kidogo, kinatosha kiganjani. Fundi hukifunga nyuma ya dashibodi na kukiunganisha na betri. Kuna aina nyingine inayochomekwa kwenye ile tundu ambayo gereji hutumia kusoma hitilafu za injini, na nyingine ni kibandiko cha kioo cha mbele kinachozungumza na simu ya dereva. Ndani yake mna kipokezi cha GPS kinachojua gari liko wapi na linakwenda kasi gani, kihisi cha mtikisiko kinachopima gari linavyoongeza mwendo, linavyopunguza na linavyokata kona, na laini ya simu inayotuma yote hayo kwa kampuni. Hakuna kamera wala kipaza sauti kwenye vile vya kawaida. Wazazi wengi huniuliza hilo kabla ya lolote.

Kutokana na vihisi hivyo kampuni hutengeneza alama, na karibu kampuni zote hutazama mambo yaleyale: kasi ukilinganisha na kikomo cha barabara ile, kufunga breki ghafla, kuongeza mwendo kwa nguvu, kona, saa za kuendesha, urefu wa safari na jumla ya maili. Wenye programu ya simu huongeza na kushika simu gari likiwa linatembea.

Kufunga breki ndiko kunakowachanganya vijana, kwa hiyo nikueleze kwa hesabu. Viwango hutofautiana, ila chukua kampuni inayohesabu tukio pale gari linapopunguza mwendo kwa nguvu ya karibu theluthi moja ya mvutano wa dunia. Maana yake ni kupoteza kama maili 7 na nusu za mwendo kwa kila sekunde. Kijana anayekwenda maili 30 kwa saa akisimama kwa nguvu hiyo atatumia sekunde nne na mita 27 hivi. Mtu aliyeona taa nyekundu mapema hahitaji kusimama kwa mita 27, kwani anayo nafasi maradufu. Ndiyo maana breki za ghafla zina uzito kwenye alama. Anayezifunga mara kwa mara kwa kawaida anamfuata mwenzake kwa karibu mno, au macho yake hayako mbali mbele. Breki moja kwa sababu mtoto kakatiza barabara haimwangushi mtu, kwa kuwa alama hutazama matukio kwa kila maili mia kadhaa. Nawaambia vijana kila siku: ukilazimika kufunga breki, zifunge kwa nguvu zote, usifikirie alama hata kidogo.

Usiku una hesabu yake. Ajali mbaya za madereva wapya hutokea sana saa za usiku, hasa gari likiwa limejaa vijana wenzao, na kisanduku hakiwezi kuona abiria. Kinachoweza kuona ni saa. Kwa hiyo kampuni huchukua usiku, mara nyingi kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri, kama ishara ya hatari. Miaka ya mwanzo baadhi ya mikataba ilikuwa na marufuku ya usiku yenye faini. Siku hizi wengi wanashusha alama tu. Kwangu hapo ndipo mfumo unapokosa haki, na mfano ninao ndani ya familia.

Mpwa wangu anaishi na mama yake Northampton. Alipofaulu mtihani akiwa na miaka 18 alikuwa chuoni, akakadiria kuendesha maili 6,000 kwa mwaka. Bila kisanduku bei ya chini niliyompatia ilikuwa pauni 2,140. Kwa kisanduku, kampuni nyingine ilitaka pauni 1,690. Tofauti ni pauni 450, zaidi ya asilimia 20, na hakuna aliyekuwa ameona anavyoendesha. Kwa nini kampuni ijitoe hivyo mapema? Kwanza, kijana anayejua kwamba atakimbiza gari hakubali kufungiwa kifaa, kwa hiyo kundi linalobaki la waliokubali lina ajali chache tangu mwanzo. Pili, ajali ikitokea kampuni inajua dakika hiyohiyo, inajua kasi na upande gari lilikogongwa, na inaweza kupambana na madai ya uongo. Uingereza kuna magenge ya ajali za kupangwa, yanayofunga breki mbele yako makusudi kisha kudai maumivu ya shingo kwa watu wanne. Kijana mwenye kisanduku ana shahidi. Pauni 450 zile ni bei ya ridhaa yake na ya ushahidi huo. Uendeshaji mzuri hausomeki bado.

Kulikuwa na njia ya tatu, ya kulipa kwa maili. Ada ya msingi ilikuwa pauni 980 kwa mwaka, gari likiwa limesimama au linatembea, kisha peni 11 kwa kila maili. Kwa maili 6,000 ingefika pauni 1,640, chini kidogo ya kisanduku. Dada yangu aliipenda. Nilimzuia, kwa sababu nilijua mtoto wa miaka 18 mwenye gari hatakosa kutafuta kazi, na maili 10,000 kwa bei ile ni pauni 2,080. Bima ya maili inamfaa kijana wa mjini ambaye gari lake hukaa wiki nzima. Anayesafiri kwenda kazini kila siku itamla.

Na kazi ikaja. Ilikuwa ghala karibu na Crick, kando ya barabara kuu ya M1, kama maili 14 kutoka nyumbani, zamu nne kwa wiki zinazoisha saa tano na nusu usiku. Piga mwenyewe hesabu ya kwenda na kurudi kwa wiki 48: ni zaidi ya maili 5,300 juu ya mizunguko yake ya kawaida, na karibu kila safari ya kurudi iko ndani ya saa zinazoshusha alama. Mkataba wake pia ulikuwa wa matumizi binafsi, usiohusisha safari za kazini. Hilo lazima uiambie kampuni, maana ajali ikitokea njiani kwenda kazini na hukusema, dai lako liko hatarini, na safari kisanduku kimeshaionyesha. Tukawaambia. Kuongeza safari za kazini kuligharimu pauni 60, na maili 4,000 za ziada pauni 220. Jumla ikawa pauni 1,970. Zile 450 zikawa zimebaki 170, na alama yake ikashuka kwa kosa la kufanya kazi usiku. Alikuwa akiendesha peke yake, hajanywa, kwenye barabara ileile kila siku. Kisanduku kilimhesabu sawa na anayerudi kwenye disko. Kampuni zinaweza kulirekebisha hili, kwa sababu safari inayojirudia kutoka ghalani hadi nyumbani inaonekana wazi kwenye taarifa zao wenyewe.

Miezi michache baadaye akanipigia, sauti imemkauka.

"Shikamoo mjomba. Wameniandikia. Wanasema nimekwenda maili 58 penye 30, mara tatu. Ikitokea tena wanafuta bima."

"Marahaba. Ulikwenda?"

"Wallahi sijawahi, mjomba."

Hii ndiyo kazi ya pili ya zile taarifa, na ni nzito kuliko punguzo. Kampuni huzitumia kuwaondoa madereva inaowaogopa katikati ya mwaka. Mikataba mingi inairuhusu kufuta bima kwa notisi ya siku saba ikiona mwendo wa kupindukia. Hasara yake inapita kukaa bila gari wiki mbili. Mtu aliyefutiwa bima hulazimika kusema hivyo kila anapoulizwa na kampuni nyingine, mwaka hadi mwaka, na bei anazopewa huwa za kutisha, kama kuna atakayempa. Ndiyo maana barua ile huwa siichukulii kama onyo la mwalimu. Ukiona kabisa kwamba wanaelekea kufuta, mara nyingi ni heri uombe kuivunja bima mwenyewe kabla hawajaifuta, baada ya kupata nyingine, kwa sababu kuacha kwa hiari si sawa na kufutiwa.

Lakini kwanza tulitaka kujua kama barua ni ya kweli. Kisanduku hakijui kikomo cha mwendo. Kinajua mahali gari lilipo, kisha kompyuta ya kampuni hutafuta mahali pale ni barabara gani kwenye ramani, na ramani ndiyo inayosema kikomo ni maili ngapi. Kosa linaweza kuingia kotekote. GPS hupotoka mita kadhaa, na zaidi penye majengo marefu au chini ya daraja. Barabara kuu ikiwa na kijibarabara cha nyumba pembeni yake, sambamba, pointi chache za GPS zikiangukia upande ule, gari lililokuwa halali kwenye barabara kuu linageuka kuwa linapaa katikati ya makazi. Wakati mwingine ramani imepitwa na wakati. Wales ilishusha kikomo cha kawaida cha maeneo ya makazi kutoka maili 30 hadi 20 tarehe 17 Septemba 2023, halafu baadhi ya barabara zikarudishwa 30. Ramani isiyofuata mabadiliko hayo haraka inamhukumu mtu kwa sheria isiyokuwepo.

Unatambuaje kosa la namna hiyo? Tukio la kweli hutawanyika, leo hapa na kesho kule. Kosa la ramani hurudi mahali palepale, gari likielekea upande uleule, na hudumu sekunde chache tu. Barua ya mpwa wangu ilikuwa na matukio matatu, yote mahali pamoja, yote wakati wa kwenda kazini, hakuna hata moja wakati wa kurudi. Hiyo ilitosha kunifanya niombe zaidi. Kwa sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Uingereza kila mtu ana haki ya kupewa nakala ya taarifa zake, bila malipo, na kampuni kwa kawaida ina mwezi mmoja. Nilimwandikisha barua pepe ya mistari michache. Asiombe "alama zangu", maana watamtumia alama. Aombe safari za tarehe zile tatu kwa kila sekunde iliyorekodiwa: saa, latitudo, longitudo, kasi, uelekeo, na kikomo kilichotumika kwa kila pointi. Papo hapo awasilishe malalamiko rasmi na kuomba wasichukue hatua hadi yajibiwe.

Faili lilipokuja tuliweka pointi kwenye ramani moja baada ya nyingine. Alikuwa kwenye barabara yenye njia mbili zilizotenganishwa katikati na kikomo cha 70, anakwenda 58, na palipo na kona pointi nne zilisogea kwenye kijibarabara cha huduma cha maili 30. Kulionyesha kosa lile hakukuhitaji utaalamu mkubwa. Gari lililokuwa kijibarabarani kweli lingepunguza mwendo kuingia na kupunguza tena kutoka. Lake halikupunguza hata maili moja. Kampuni ikayafuta matukio yote matatu na kurudisha alama. Ingekataa, au ingekaa kimya wiki nane, tungepeleka shauri kwa msuluhishi wa huduma za fedha, ambaye mteja hamlipi chochote. Tatizo ni zile siku saba. Notisi inaweza kuisha kabla hata faili halijafika, kwa hiyo ni lazima kuandika siku ileile ya barua, na kuomba hatua isimamishwe.

Wazazi huuliza pia kuhusu polisi, na wana sababu. Dereva mpya akipata pointi sita za makosa ya barabarani ndani ya miaka miwili ya kwanza anapoteza leseni, na kosa moja la mwendo ni angalau pointi tatu. Kampuni hazina desturi ya kupeleka rekodi za mwendo polisi. Ila baada ya ajali mbaya polisi wanaweza kuziomba, na mahakama inaweza kuziamuru. Ninachokiogopa zaidi ni taarifa kutoka bila mwenyewe kujua. Marekani mwaka 2024 ilibainika kwamba General Motors ilikuwa ikipeleka taarifa za mwendo wa wateja, kutoka ndani ya magari yenyewe, kwa kampuni zinazoandaa ripoti za bima, na kuna watu walioona bei zao zikipanda bila kujua kwa nini. Kisanduku cha Northampton angalau umekiona kikifungwa na umetia sahihi. Gari jipya lenye laini yake ya simu linaweza kusema mengi kuliko hicho kisanduku, na ridhaa yake ulibonyeza kwenye kioo siku ya kulichukua dukani.

Mwaka ulipoisha kampuni ilimletea mpwa wangu bei ya pauni 1,195, ikimsifu kwa alama nzuri. Dada alifurahi na kutaka kulipa usiku uleule. Nikamwomba asubiri nitafute bei ya kulinganisha bila kisanduku, kwa kazi ileile na maili anazoendesha kweli. Ikatoka pauni 1,260. Yaani sehemu kubwa sana ya mporomoko ule ilitokana na mtoto kuwa na miaka 19, leseni ya mwaka mzima na mwaka mmoja bila dai lolote, mambo ambayo kampuni yoyote ingeyaona. Mchango wa kisanduku mwaka wa pili ulikuwa kama pauni 65. Na alama haihamishiki. Punguzo la kutodai unalibeba kwenda kwa kampuni nyingine na linatambuliwa kila mahali, lakini alama ya kisanduku hubaki kwa aliyeitoa, na kampuni mpya kwa kawaida haina nafasi ya kuijaza kwenye fomu. Kijana anayebaki mahali kwa kuogopa kupoteza alama analinda kitu ambacho nje ya kampuni ile hakina thamani.

Pauni 65 zile zilikuja na kikomo cha maili 8,000, wakati yeye anaendesha karibu 10,000, nyingi za usiku. Maili za ziada peke yake zingeila tofauti yote. Akachukua bima ya kawaida, akaitaka kampuni ya zamani izime kifaa kwa maandishi, na akapata jibu lenye tarehe. Hilo la mwisho ninalisisitiza kwa kila anayehama au anayeuza gari, kwa sababu kifaa kisichozimwa huendelea kutuma safari kwa jina la mtu ambaye si mteja tena, au mbaya zaidi, safari za aliyelinunua gari.